Sura ya 7: Faili Ipo, Gemu Haifunguki

Gemu za zamani za mashine za sarafu haziingii Kaloleni kwa mlango mmoja. Nyingine huja ndani ya fleshi iliyotoka kwa binamu wa Makongeni, nyingine hurushwa kutoka simu hadi simu wakati vijana wamekaa nje ya duka, nyingine zimo tayari ndani ya kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa Luthuli Avenue. Kila anayepokea huchukua zile anazozijua, huacha nyingine, kisha humpa mwenzake. Zikishapita mikono kadhaa, folda imejaa, majina ya faili yote ni sahihi, na sehemu kubwa ya gemu hazifunguki.

Malalamiko yenyewe huwa hivi:

"Buda, hii Pac-Man imekataa."

"Imekataa aje? Zipu iko?"

"Iko hapo hapo. Lakini inasema eti faili hakuna."

Wote wawili wanasema kweli. Zipu ipo, na faili hakuna. Ili kuelewa mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja, inabidi tufungue zipu na kuangalia kilichomo, kisha tuangalie kile ambacho emuleta ilikuwa inatafuta.

Emuleta tunayoizungumzia hapa ni MAME, iliyotolewa mara ya kwanza na Mwitaliano Nicola Salmoria tarehe 5 Februari 1997. MAME haichezi "gemu" kama vile simu inavyocheza wimbo. Inaiga bodi nzima ya mashine: prosesa yake, chipu zake za sauti, saketi zake za picha. Juu ya bodi hiyo palikuwa na chipu za kumbukumbu zenye programu, michoro, rangi na sauti. Mtu aliyekuwa na bodi halisi alizitoa chipu hizo moja moja, akasoma yaliyomo kwa kifaa maalumu, na kila chipu ikawa faili moja, yaani romu. Zipu ni furushi la romu hizo. Mara nyingi jina la faili ndani ya zipu huonyesha hata mahali chipu ilipokuwa imechomekwa kwenye bodi: `pacman.6e` ilikaa kwenye nafasi ya 6e.

MAME inabeba ndani yake orodha ya kila bodi inayoijua. Katika orodha hiyo kila romu imeandikwa jina, ukubwa kwa baiti, na alama mbili zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo, yaani CRC na SHA-1. Ukibadilisha baiti moja tu, alama hubadilika. Kwa hiyo emuleta haiulizi kama una Pac-Man. Inauliza kama una romu hizi hizi, zenye ukubwa huu na alama hizi. Unaweza kuisoma orodha hiyo mwenyewe:

```
mame -listxml pacman
```

Katika maandishi marefu yatakayotoka utaona mistari ya namna hii, ambayo hapa nimeifupisha:

```
<machine name="pacman" cloneof="puckman" romof="puckman">
<rom name="pacman.6e" size="4096" crc="c1e6ab10" ...>
```

Mistari hiyo miwili ina karibu kila kitu kitakachotushughulisha katika sura hii. Kabla ya kuiingia, kuna swali moja la kumaliza, kwa sababu ndilo linalowakwamisha watu wengi zaidi mitaani: orodha hiyo ni ya toleo gani?

MAME hutolewa upya karibu kila mwezi, na orodha hubadilika nayo. Chipu iliyosomwa vibaya mwaka fulani husomwa tena vizuri miaka baadaye, na alama yake inabadilika. Jina la seti hubadilishwa. Chipu ambayo hakuna aliyeweza kuisoma hatimaye husomwa, na kuanzia siku hiyo emuleta huidai. Mfano mzuri ni gemu za Capcom zilizotumia sauti ya QSound, kama Marvel vs. Capcom. Kwa miaka mingi MAME ilikadiria tu kazi ya chipu ile ya sauti. Mwaka 2018 programu iliyokuwa ndani yake ilianza kutumika, na MAME ikaanza kudai faili inayoitwa `dl-1425.bin`. Mtu aliyekuwa na seti kamili mwaka uliotangulia alipoweka toleo jipya, gemu zile zote zikakataa kufunguka, ilhali faili zake hazikuwa zimeguswa. Wengi walidhani fleshi imeharibika. Kumbe orodha ndiyo iliyokuwa imeongezeka mstari mmoja.

Upande wa simu tatizo hugeuka kinyume. Programu ya Android ambayo wengi wanayo inaitwa MAME4droid, na kwenye jina lake kuna namba 0.139u1. Namba hiyo si mapambo. Inamaanisha kwamba orodha iliyomo ni ya mwaka 2010, na seti mpya iliyokusanywa mwaka jana kwa ajili ya kompyuta huenda isikubalike humo. Wanaotumia RetroArch nao wana sehemu inayoitwa MAME 2003, ambayo orodha yake ni ya toleo 0.78. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na simu inayotaka 0.139u1, kompyuta inayotaka toleo la mwezi uliopita, na kisanduku cha televisheni kinachotaka 0.78, na vijana wakawa wanapeana faili zilezile kati ya vyote vitatu. Zipu haiandikwi toleo popote. Zote tatu zinaitwa `pacman.zip`.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuulizana wakati wa kupokea faili si gemu gani, bali ni ya toleo gani, na kama anayekupa hajui, chukulia kwamba hujui. Kwenye kompyuta, toleo la MAME yako linaonekana kwenye mstari wa juu ukiandika `mame -help`. Seti haiwi "nzuri" au "mbaya" yenyewe. Inakuwa nzuri kwa toleo fulani.

Sasa turudi kwa Pac-Man. Gemu hii ilitoka Japani mwaka 1980, kampuni ya Namco ikaiita Puck Man. Mwaka huohuo Midway ikaitoa Marekani kwa jina la Pac-Man. Bodi ni zilezile kwa sehemu kubwa, programu inatofautiana kidogo. MAME huchagua toleo moja la gemu kuwa mzazi, na matoleo mengine yote huitwa kloni zake. Kloni inaweza kuwa toleo la nchi nyingine, toleo la awali kabla ya marekebisho, la kampuni iliyopewa leseni, au la magendo. Hapa mzazi ni `puckman` na `pacman` ni kloni. Hilo ndilo `cloneof="puckman"` inalosema.

Uhusiano huu una matokeo ya moja kwa moja kwenye faili. Seti ya `pacman` inahitaji romu kumi. Sita ni za kwake peke yake: nne za programu, kuanzia `pacman.6e` hadi `pacman.6j`, na mbili za michoro, `pacman.5e` na `pacman.5f`, kila moja baiti 4096. Nne zilizobaki ni chipu ndogo sana zilizo sawasawa na za mzazi. Moja ya baiti 32 inashikilia rangi zenyewe, nyingine ya baiti 256 inasema rangi ipi iende wapi, ya tatu inashikilia mawimbi ya sauti, na ya nne ni ya kupima muda wa saketi. Ya nne haibadilishi chochote unachokiona wala kukisikia, lakini MAME inaidai vilevile, kwa sababu walioiandika wanataka bodi ihifadhiwe nzima.

Watu wanaopanga seti hawapendi kurudia faili zilezile mara nyingi, na hapo ndipo njia tatu za kufunga zipu zilipotokea. Katika seti iliyogawanywa, kila kloni inabeba zile tofauti zake tu, na za pamoja zinakaa kwa mzazi. Kwa hiyo `pacman.zip` inakuwa na romu sita, na zile nne ndogo zinatafutwa ndani ya `puckman.zip`. Katika seti iliyounganishwa, mzazi na kloni zake zote zinafungwa ndani ya zipu moja ya mzazi, na hakuna `pacman.zip` kabisa. Katika seti inayojitegemea, kila zipu inabeba romu zote kumi, hata kama zinarudiwa kwingine.

Yule kijana wa mwanzo alikuwa na `pacman.zip` ya seti iliyogawanywa. Aliyempa alichukua gemu anayoijua jina na kuacha `puckman.zip`, kwa sababu hakuna anayeijua Puck Man. Ukiiendesha hivyo kwenye kompyuta, MAME inaandika hivi:

```
82s123.7f NOT FOUND (tried in pacman puckman)
82s126.4a NOT FOUND (tried in pacman puckman)
82s126.1m NOT FOUND (tried in pacman puckman)
82s126.3m NOT FOUND (tried in pacman puckman)
```

Mabano ya mwisho ndiyo ya kusomwa kwa makini. Yanataja kila mahali emuleta ilipotafuta, kwa mpangilio: kwanza ndani ya `pacman`, kisha ndani ya `puckman`. Jina la pili ni jina la zipu unayoikosa. Jumla ya kinachokosekana ni baiti 800, kidogo kuliko ujumbe wa simu wa aya chache, na bila hizo gemu haianzi. Dawa si kutafuta `pacman.zip` nyingine. Hiyo uliyonayo ni nzima. Dawa ni kuweka `puckman.zip` ya toleo lilelile kando yake ndani ya folda ya `roms`, bila kufungua hata moja.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato: wanapata `puckman.zip`, wanaibadilisha jina kuwa `pacman.zip`, na wanatarajia ifunguke. Haifunguki, na sababu ni ileile ya alama. MAME ikiwa ndani ya zipu inatafuta romu kwa CRC kwanza, na romu za programu za Puck Man ni nyingine kabisa. Jambo hilohilo lina upande wake wa faida: ukikuta ndani ya zipu romu yenye jina geni lakini yaliyomo ni yale yale, MAME itaitambua na kuipakia. Jina la zipu lazima liwe sahihi, majina ya ndani yanasameheka. Ila ukizitoa romu kwenye zipu na kuziacha wazi kwenye folda, msamaha huo unaondoka, na majina yanahesabika.

Ukiwa na zipu usiyoijua asili yake, muulize MAME mwenyewe:

```
mame -romident pacman.zip
```

Itapitia kila romu na kukuambia ni ya bodi gani. Ikisema kwamba zote ni za `puckman`, umeshapata jibu. Ikisema kwamba baadhi hazijulikani, huenda ni za toleo la zamani zilizosomwa vibaya, au kuna mtu aliyezichezea.

Hapa pia inafaa kutofautisha makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Romu ikikosekana, MAME inakataa kabisa kuendelea. Romu ikiwepo yenye ukubwa na jina sahihi lakini alama isiyo sahihi, MAME inaandika `WRONG CHECKSUMS`, inaonyesha alama iliyotarajiwa na iliyopatikana, inaonya kwamba mashine huenda isifanye kazi vizuri, kisha inaendelea. Gemu ya namna hiyo inaweza kufunguka na kuchezeka mpaka hatua ya tatu, halafu ikaonyesha takataka au ikajizima. Mtu akikuambia gemu yake inafunguka lakini "inaharibika katikati", anza kwa kuangalia alama kabla hujalaumu kompyuta:

```
mame -verifyroms pacman
```

Amri hii haiendeshi gemu. Inakagua tu, na mwishoni inasema kama seti ni `good`, `best available` au `bad`. Hiyo ya katikati isikutie wasiwasi. Maana yake ni kwamba kuna chipu ambayo bado hakuna nakala nzuri inayojulikana ulimwenguni, nawe unayo ile bora iliyopo.

Kuna mzazi wa aina nyingine ambaye si gemu. Mashine za Neo Geo za SNK zilikuwa na bodi moja ya kudumu na katriji za kubadilisha, kwa hiyo bodi yenyewe ina romu zake, zinazokaa kwenye `neogeo.zip`. Metal Slug ya mwaka 1996 si kloni ya chochote, lakini kwenye orodha yake kuna `romof="neogeo"`. Ukiwa na `mslug.zip` peke yake, utaona romu kama `sp-s2.sp1` na `000-lo.lo` zikikosekana, na mabano yatasema `tried in mslug neogeo`. Zipu hiyo moja ya `neogeo` inahudumia gemu zote za Neo Geo ulizo nazo. Ni ndogo, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote mtu anapomimina gemu kwenye fleshi ya mwenzake, kwa sababu haionekani kwenye orodha ya gemu.

Sasa nitoe maoni yangu kuhusu njia ipi ya kufunga inafaa mtaani. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanapenda seti zilizogawanywa au zilizounganishwa kwa sababu wanashusha kila kitu kwa pamoja, na wanataka nafasi. Kwetu gemu hupeanwa moja moja, na bando ni pesa. Kwa matumizi hayo seti inayojitegemea ndiyo bora, hata kama inakula nafasi zaidi. Ukimpa mtu `pacman.zip` inayojitegemea, umempa Pac-Man. Ukimpa ya seti iliyogawanywa, umempa nusu ya kazi. Seti iliyounganishwa ndiyo mbaya zaidi kwa kupeana: anayetafuta `pacman.zip` haioni, na kwenye programu zinazoorodhesha gemu kwa majina ya faili, akifungua `puckman.zip` anapata Puck Man. Hata hivyo, seti nyingi zinazojitegemea haziweki ndani romu za bodi kama Neo Geo, kwa hiyo `neogeo.zip` lazima iandamane nazo.

Kompyuta moja isiyotoka nyumbani ni habari nyingine. Hapo seti iliyogawanywa inatosha, mradi wazazi wote wapo.

Mpaka hapa tumezungumzia chipu. Baadhi ya mashine zilikuwa na gemu kubwa kiasi cha kutotosha kwenye chipu, zikawekwa diski ngumu au CD ndani ya kabati. Killer Instinct ya mwaka 1994 ni mojawapo: romu za programu na sauti zilikuwa kwenye chipu, na mandhari ya mapigano yalisomwa kutoka kwenye diski ngumu ndogo. Diski ya namna hiyo hunakiliwa nzima kuwa faili moja ya CHD. Yaliyomo hukatwa vipande vidogo na kila kipande hufinywa peke yake, ili emuleta iweze kusoma kipande inachokihitaji bila kufungua faili nzima. Hii ndiyo sababu CHD haiwekwi ndani ya zipu. Imeshafinywa, na MAME haiwezi kuisoma ikiwa ndani ya zipu. Inakaa kwenye folda yenye jina la seti:

```
roms/kinst.zip
roms/kinst14.zip
roms/kinst/kinst.chd
```

`kinst14` ni kloni, toleo la 1.4 la programu. Diski yake ni ileile ya mzazi, kwa hiyo huhitaji kuirudia. MAME itaikuta kwenye folda ya `kinst`. Nimeshaona watu wakinakili faili hiyo mara mbili au tatu, kila kloni na folda yake, na kujaza fleshi bure.

Kuhusu CHD kuna mambo matatu yanayohitaji nafasi, kwa sababu makosa yake hayaonekani kirahisi kama ya romu.

La kwanza ni toleo la CHD yenyewe. Muundo unaotumika leo, wa 5, ulianza na MAME 0.146 mwaka 2012. Orodha ya MAME4droid ile ya 0.139u1 ni ya mwaka 2010. Kwa hiyo CHD ya kisasa, hata ikiwa na yaliyomo sahihi kabisa, haiwezi kusomeka kwenye programu hiyo ya simu. Kinyume chake hakina shida: MAME ya sasa inasoma CHD za muundo wa zamani. Kifaa kinachoandamana na MAME, `chdman`, kinaandika muundo wa 5 tu, na anayetaka wa zamani atahitaji `chdman` ya wakati ule.

La pili ni kwamba CHD mbili zenye ukubwa tofauti zinaweza kuwa sawa. Alama ya SHA-1 ambayo MAME inailinganisha haikokotolewi kutoka kwenye faili jinsi ilivyofinywa. Inakokotolewa kutoka kwenye yaliyomo yakishafunguliwa, pamoja na maelezo machache ya diski, na kuandikwa mwanzoni mwa faili. Mmoja akifinya kwa njia moja na mwingine kwa nyingine, faili zao zitatofautiana kwa megabaiti kadhaa na bado zote zitakubalika. Kwa hiyo usiitupe CHD kwa sababu tu ukubwa wake haufanani na wa rafiki yako. Soma alama yake:

```
chdman info -i kinst.chd
```

Ulinganishe mstari wa `SHA1` na ule ulio kwenye `-listxml` ya toleo lako. Utaona pia mstari wa `Data SHA1`, lakini huo si wa kulinganisha hapa.

La tatu ndilo linalowapata wengi, na linatokana na hilo la pili. Kwa kuwa alama imeandikwa mwanzoni mwa faili, `mame -verifyroms` inaisoma hapo na kuridhika. Haifungui diski nzima kuhakikisha. Chukua hali ya kawaida kabisa Eastlands: CHD inanakiliwa kwenye fleshi, stima zinapotea au fleshi inachomolewa mapema, na sehemu fulani ya katikati ya faili haijaandikwa sawasawa. Mwanzo wa faili ni mzima. `-verifyroms` inasema `good`. Gemu inafunguka, inaonyesha picha ya kwanza, mapigano mawili yanakwenda vizuri, kisha inaganda pale inapoomba kipande kilichoharibika. Anayeichezea atasema kompyuta ni dhaifu. Kuna amri moja inayokata shauri:

```
chdman verify -i kinst.chd
```

Hii inafungua kila kipande, inakokotoa alama upya na kuilinganisha na iliyoandikwa. Inachukua muda, na kwa diski kubwa muda mrefu. Ikimaliza na `Raw SHA1 verification successful!` na baada yake `Overall SHA1 verification successful!`, diski ni nzima na tatizo liko kwingine. Isipofika hapo, nakili upya kutoka kwenye chanzo, na ukague chanzo nacho kabla ya kumlaumu aliyekupa fleshi. Ifanye kazi hii mara tu unapopokea faili, mwenye nayo akiwa bado karibu, kwa sababu kuitafuta tena kwa bando lako ni gharama.

Fleshi nyingi zinauzwa zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. CHD kubwa itakataa kunakiliwa hata kama nafasi ipo tele. Ibadilishe fleshi iwe exFAT, ukikumbuka kwamba kufanya hivyo kunafuta kila kilichomo.

Jambo moja zaidi kuhusu diski: MAME haiandiki ndani ya CHD. Gemu ikitaka kuhifadhi kitu kwenye diski yake, mabadiliko yanawekwa kando kwenye folda ya `diff`. Ukibadilisha CHD na kuweka nyingine sahihi lakini gemu bado inakataa, angalia kama kuna faili ya `.dif` ya zamani yenye jina hilo. Ilitengenezwa juu ya diski iliyoondoka, na lazima iondoke nayo.

Kwa folda iliyochanganyika vibaya, kama zile zilizotajwa mwanzoni, kukagua moja moja kunachosha. Hapo zinatumika programu za kupanga seti, hasa clrmamepro na RomVault. Unazipa orodha ya toleo lako, na clrmamepro inaweza kuisoma moja kwa moja kutoka kwa `mame.exe`. Unaionyesha folda iliyochanganyika, unachagua njia ya kufunga, na programu inachukua romu kutoka kila zipu kwa alama zake, inazipanga upya na kukuandikia orodha ya zinazokosekana. Zipu tatu mbovu za Pac-Man kutoka kwa watu watatu mara nyingi huwa na romu zote kumi zikichanganywa. Anza na folda mpya ya matokeo, usiandike juu ya ile ya awali, na usifute zilizobaki mpaka umehakikisha.

Neno kuhusu haki. Romu hizi ni programu za kompyuta, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda kama kazi nyingine. Umri wa gemu hauifanyi kuwa ya bure, na anayetoza shilingi kwa kila raundi kwenye kibanda yuko mahali pagumu zaidi kuliko anayecheza nyumbani. Ziko chache ambazo wenyewe wameruhusu zitolewe kwenye tovuti ya MAME, miongoni mwake Robby Roto na Gridlee, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mimi huwashauri wanaoanza wajifunzie kila amri ya sura hii juu ya `robby.zip` na `gridlee.zip`, kwa sababu zinatoka kwenye chanzo kimoja kinachojulikana. Zikikataa kufunguka, kosa liko kwenye mpangilio wa folda zako.

Unapofika wakati wa kumpa mwenzako, weka gemu ndani ya folda yenye namba ya toleo kwenye jina lake, kwa mfano `mame0139u1`, na ndani yake weka zipu ya gemu, mzazi wake kama seti imegawanywa, `neogeo.zip` kama ni ya Neo Geo, na folda ya CHD kama ina diski. Kisha kabla fleshi haijatoka, endesha `-verifyroms` juu ya nakala iliyo ndani ya fleshi yenyewe, si ile iliyobaki kwenye kompyuta. Njia ya folda unaitaja hivi, herufi ya fleshi ikiwa ile kompyuta yako iliyoipa:

```
mame -rompath E:\mame0139u1 -verifyroms pacman
```

Amri hiyo lazima iendeshwe na MAME ya toleo lilelile lililoandikwa kwenye folda. Ukiikagua seti ya 0.139u1 kwa MAME ya mwezi huu, utaambiwa ni mbaya, na kwenye simu ya mwenzako itafunguka bila shida.